Picha zilizofutwa kabla hazijatumwa: nilivyozuia

Tatizo lilikuwa hivi: simu ya Androidi imejaa, picha za kazi zinasubiri mtandao ili zitumwe, na programu ya kusafisha simu inapita usiku kwa ratiba yake na kufuta "picha zinazofanana". Picha tatu za mita moja ya maji, kwake hizo ni nakala. Haijui ipi haijatumwa.

Nilianza na ruhusa. Fungua Settings, Apps, Special app access, kisha All files access, uzime swichi ya hiyo programu. Kuzima ratiba ndani yake pekee hakutoshi, maana ruhusa inabaki. Ikifuta kwa ruhusa hiyo, mara nyingi picha haipiti hata kwenye pipa la taka.

Nafasi nilitafuta kwingine: WhatsApp, Settings, Storage and data, Manage storage, halafu Larger than 5 MB. Video za makundi ndizo zinazojaza simu. Futa hizo kwa mkono.

Picha za kazi zisizotumwa ziangalie tiki kwenye WhatsApp. Alama ya saa ikiwa bado ipo, picha haijaondoka kwenye simu, usiiguse.