Michopo ilifika imeganda: nilivyorudishiwa faranga 15,000

Mara ya kwanza kudai pesa za chakula nilichoagiza kwa apu ya kuletewa, nilishindwa vibaya. Tulikula kwanza, kesho yake asubuhi nikaiandikia apu kwamba chakula kilikuwa baridi, tena hakikutimia, tena kilichelewa. Walinijibu kwa mistari miwili: hakuna uthibitisho. Nilikasirika, lakini walikuwa na haki, kwa sababu ushahidi nilikuwa nimeushusha tumboni.

Mara ya pili ilikuwa mwezi wa saba, na anayeijua Lubumbashi anajua baridi ya usiku wa mwezi huo. Niliagiza kutoka Kamalondo kuja kwetu Golf: michopo ya mbuzi sahani mbili kwa 18,000 kila moja, bukari mbili za 2,000 kila moja, sombe ya 6,000, na 5,000 ya kuletewa. Jumla faranga 51,000, nikalipa kwa pesa za simu.

Kwenye skrini niliona mtu wa pikipiki amechukua mfuko saa 19:38. Saa 20:00 alama yake ilikuwa imesimama Kampemba, ambako sisi hatukai. Alikuwa amebeba oda ya mtu mwingine na kuanza na yule. Hapo nikapiga picha ya skrini, ramani na saa vikionekana pamoja, maana chakula kikishapokelewa ile ramani hufutika na hubaki saa ya kufika peke yake. Alifika 20:31.

Mfuko ulikuwa umefungwa kwa karatasi ya gundi ya mgahawa. Nikaipiga picha kabla ya kuichana, yule kijana akiwa bado mlangoni. Nikafungua, nikapanga vyote mezani kando ya risiti, nikapiga nyingine. Sombe haikuwemo. Kijana akasema, "Mama, mie nabeba tu, bya mu ndani shijue." Kweli kabisa, na ile gundi isiyochanwa ilimtetea: kosa lilitoka jikoni. Nilimwambia sitamlalamikia yeye.

Shida ilikuwa ubaridi. Picha haina joto, utamwoneshaje mtu aliye ofisini kwamba nyama imepoa? Mbuzi ndiye aliyeniokoa. Mafuta yake huganda upesi kuliko ya kuku, na juu ya ile michopo yalikuwa meupe kama nta ya mshumaa, yameshika hata kwenye karatasi. Nikageuza kipande kimoja kwa uma, nikapiga picha kwa karibu, saa 20:36. Dakika tano tangu kufika: hakuna atakayesema niliiacha mezani ikapoa.

Kisha nikafungua malalamiko mawili, siyo moja. La kwanza kwenye "Article manquant", nikachagua sombe tu. Kitu kisichofika kina bei yake kwenye risiti na kwa kawaida mgahawa ndio unaokatwa, kwa hiyo halina mjadala mrefu. Nilirudishiwa 6,000 usiku uleule. Ningelichanganya na ubaridi, lingesubiri pamoja nao.

La pili niliandika kwa Kifaransa, mistari minne: kimechukuliwa 19:38, kimefika 20:31, kimepitia Kampemba, mafuta yameganda, picha tatu hizi. Nikataja kiasi: nusu ya bei ya michopo, yaani 18,000. Sikudai bukari, ingawa nayo ilikuwa imeota ngozi juu, wala sikudai oda nzima. Nyama tungeila, na wao wanajua hivyo. Ukidai yote wanakuona mwongo, na akaunti yenye madai mengi huanza kukaguliwa kwa jicho kali.

Jibu la kwanza lilikuwa "crédit" ya 3,000 ya kutumia kwenye oda ijayo. Hapa wengi hukubali, kwa sababu kitufe cha kukubali ni kikubwa na kina rangi nzuri. Ukikigusa, lalamiko linafungwa. Mimi nilijibu: nililipa pesa, naomba pesa zirudi kwenye namba iliyolipa, na tafadhali angalieni muda wa pikipiki kwenye mfumo wenu wenyewe. (Aliyelipa keshi mlangoni hana namba ya kurudishiwa, na hapo mara nyingi hubakiwa na hiyo "crédit" tu.)

Siku ya pili akaandika mtu mwingine, na huyu alionekana kuwa amesoma. Akatoa robo ya bei ya michopo, 9,000, kwenye simu. Ile 5,000 ya kuletewa akaikataa kabisa, kwamba chakula kililetwa. Ningeweza kubishana tena, lakini nilipiga hesabu: 15,000 kwa 51,000, na kazi ya kuandika imeisha. Nikakubali.

Michopo yenyewe tuliipasha kwenye mbabula usiku uleule, maana umeme ulikuwa umekatika. Bukari tukasonga nyingine.