Bei imepanda, lakini ya bidhaa ipi?

Kwenye mtihani wa uchumi, kosa linalokula alama ni kuona neno "bei" kwenye swali la grafu ya mahitaji na kukimbilia kujibu kwamba ni mwendo juu ya mstari uleule wa mahitaji, si kuhama kwa mstari wenyewe. Kinacholiondoa ni jambo dogo: kabla ya kuchora, andika jina la bidhaa kwenye mhimili wima.

Tuseme bei ya kahawa imepanda, na grafu ni ya chai. Bei iliyobadilika haimo kwenye mhimili, na baadhi ya wanywaji wa kahawa wanageukia chai, hivyo mstari wote wa mahitaji unahamia kulia: kwa kila bei, chai inayotakiwa imeongezeka. Kwenye grafu ya kahawa, nukta tu ndiyo inayopanda juu ya mstari uleule.

Kodi kwa wazalishaji wa chai ni mtego zaidi. Inasogeza mstari wa ugavi kushoto. Ule wa mahitaji haubanduki.