Barua ya mtundu badala ya mninga

Barua ilifika mwishoni mwa Agosti 2017, ikiwa na mhuri wa karakana ya useremala ya mjini Tabora iliyoshinda kazi ya milango ya kituo cha afya nilichokuwa nasimamia ujenzi wake. Mkataba ulitaka milango 26 pamoja na fremu zake, yote kwa mbao za mninga. Mwenye karakana, mzee aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana wake, aliandika kwamba vibali vya uvunaji vimechelewa, kwamba mninga wa unene wa kutosha sasa unatoka mbali, na kwamba uani kwake ana mbao nyingi za mti wa mtundu zilizokwisha kupasuliwa. Sentensi aliyotumia kuombea ni hii: "Mtundu ni mbao ngumu kama mninga, na umekauka vizuri."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nisijibu ndiyo wala hapana siku ile. Ugumu wa mtundu ni kweli. Ni mgumu hata msumari hupinda usipotanguliza tundu kwa keekee. Lakini mninga haukuandikwa kwenye mkataba kwa sababu ya ugumu. Uliandikwa kwa sababu mbili: ukikauka husinyaa kidogo sana na hukaa ulivyo, na kiini chake hustahimili mchwa na unyevunyevu kwa miaka mingi. Mtundu hauna sifa hizo mbili kwa kiwango hicho. Nyuzi zake zimepishana, kwa hiyo ukikauka hupenda kujipinda, husinyaa zaidi, na ile sehemu nyeupe ya pembeni, ambayo kwenye mtundu ni pana, huliwa na wadudu wanaoacha unga laini kama wa sembe chini ya matundu madogo. Basi swali halikuwa kama mtundu ni mbao nzuri. Swali lilikuwa: ni wapi katika jengo lile kazi ya mninga inaweza kufanywa na mtundu, na kwa masharti gani?

Nilichukua ramani na kupita mlango mmoja baada ya mwingine. Milango minane ilikuwa ya nje au ya vyoo na bafu. Hapo mguu wa fremu unakaa sakafuni penye maji ya kudeki, na nje mchwa wa Tabora hawabishi hodi. Hiyo minane sikuwa tayari kuibadilisha kwa bei yoyote. Iliyobaki 18 ilikuwa ya vyumba vya ndani, sakafu kavu, paa juu. Nilimpigia simu nikamwuliza, "Mzee, mninga uliopo stoo sasa hivi unatosha fremu ngapi?" Akahesabu, akasema fremu na milango kumi bila wasiwasi. Kumbe upungufu wake haukuwa wa kazi nzima. Maombi mengi ya kubadilisha mali huja hivi, yameandikwa kwa jumla wakati shida ni ya sehemu, na kuuliza kilichopo stoo huokoa nusu ya ubishi.

Kabla ya kuandika masharti nilikwenda uani kwake. Mbao za mtundu za inchi 2 kwa 6 zilikuwa zimelazwa moja juu ya nyingine bila nafasi, zimefunikwa turubai. Mzee alinipa kipande alichokwisha kukikata mwishoni mwa ubao, akaniambia nikipime unyevu. Nilimwomba radhi nikachagua ubao mwingine, nikakata sentimita 50 kutoka kichwani, kisha nikatoa kipande cha sentimita 2 kwa upana wote wa ubao. Kichwa cha ubao hukauka mapema kuliko katikati, kwa sababu maji hutoka upesi zaidi kwa kufuata nyuzi. Ukipima kichwa unapima hali ya kichwa tu.

Vipande vyote viwili tulivipima palepale kwa mizani ya gramu, tukaviandika namba kwa penseli, tukavifunga kwenye mfuko wa plastiki. Maabara ya shule moja ya sekondari ilikuwa na oveni ya umeme. Vikakaa humo kwa joto la nyuzi 103 za Selsiasi hadi mizani iliposimama, yaani mara mbili mfululizo, saa kadhaa zikipita kati ya kipimo na kipimo, uzito haukupungua tena. Cha kwangu kilianza na gramu 128 kikaishia 103. Hesabu yake ni tofauti kugawanya kwa uzito mkavu:

(128 − 103) ÷ 103 × 100 = 24.3

Unyevu wa asilimia 24. Kipande cha mzee, cha mwishoni mwa ubao, kilitoa asilimia 13. Mzee hakuwa amenidanganya. Alikuwa amepima mahali ambapo kila seremala hugusa kwanza. Alivitazama vipande viwili vilivyokaushwa, akapitisha kidole kwenye ufa mwembamba uliotokea katikati ya kile changu, akasema, "Hapa ningekupa milango ikafunguka yenyewe."

Ukubwa wa jambo hili unaonekana kwa rula. Ubao wa mtundu wa upana wa milimita 150 tuliouacha ukauke kutoka asilimia 24 hadi karibu 12 ulisinyaa kwa milimita 4. Ubao wa mninga wa upana huohuo, kutoka unyevu unaokaribia huo, haukufika milimita moja na nusu. Michoro ilikuwa na milango ya mbao tano za kusimama zilizobanwa pamoja. Mbao tano mara milimita 4 ni milimita 20: mtu wa nje anaona kitanda cha mgonjwa kupitia nyufa.

Jibu niliandika kwa utaratibu wa kawaida, "Yah: Ombi la kubadilisha mbao za mninga", na aya ya kwanza ilisema wazi kwamba ombi limekubaliwa kwa milango 18 ya ndani tu, namba zake zikitajwa moja moja kama zilivyo kwenye ramani. Mahali pengine pote mkataba ulibaki ulivyo. Kutaja namba ni muhimu: barua inayosema "milango ya ndani" husomwa upya siku ya kupachika, na mlango wa bafu hugeuka kuwa wa ndani.

Sharti la unyevu lilichukua nafasi kubwa kuliko mengine. Sikuandika "mbao kavu". Niliandika unyevu wa asilimia 10 hadi 13, ukipimwa kwa oveni, kipande kikitolewa si chini ya sentimita 50 kutoka kichwani, ubao mmoja katika kila kumi, mimi nikichagua ubao. Kipimo kifanywe kabla ya kuranda, kwa sababu mzee akisharanda na kutoboa, mimi kukataa ni kumpa hasara isiyo na sababu. Niliweka kiwango cha chini pia, na alinipigia kuuliza kwa nini. Oktoba ya Tabora ni kame sana. Ubao ulioanikwa chini ya bati la moto unaweza kushuka chini ya asilimia 9, kisha masika yakikolea unavimba na mlango unagoma kwenye fremu.

Mbao zipangwe upya chini ya paa, juu ya matofali, kwa vijiti vya inchi moja kila sentimita 50, vijiti vya tabaka moja vikilingana wima na vya tabaka la chini. Vikipishana, ubao unabeba uzito pasipo na mhimili na unakauka ukiwa umeinama, na hautanyooka tena. Vichwa vyote vipakwe rangi yoyote iliyobaki, ili visikauke haraka vikapasuka.

Sehemu nyeupe ya pembeni ikatwe yote. Mzee aliomba aiache na kuipaka oili chafu ya magari, kama wengi wanavyofanya. Nilikataa, kwa kuwa oili chafu hukaa juujuu, haiwafuati wadudu ndani, na vanishi haishiki juu yake. Isitoshe, chumba cha wagonjwa hakifai kunuka gereji.

Muundo nao ulibadilika. Badala ya mbao tano zilizobanwa, mlango uwe na fremu yake na paneli zinazokaa ndani ya mfereji bila gundi, zikiachiwa milimita 3 kila upande za kuvimba na kusinyaa. Fremu za ukutani zisijengewe pamoja na tofali. Kuta ziache nafasi, fremu zipachikwe kwa skrubu baada ya plasta kukauka, maana plasta mbichi hulowesha mbao kwa wiki kadhaa na kuvuruga kipimo chote tulichohangaikia.

Halafu fedha na dhamana. Mkataba ulikuwa na bei ya mninga, na barua yake haikugusa bei. Niliandika kwamba tofauti ya bei ya mbao ipunguzwe kwa risiti, kwamba muda wa kukamilisha haubadiliki kwa sababu ya ombi hili, na kwamba idhini yangu haimwondolei wajibu: mlango utakaopinda, kupasuka au kutoboka ndani ya miezi 12 atautengeneza kwa gharama yake. Miezi 12 kwa sababu ni lazima mlango upite masika moja na kiangazi kimoja. Mbao zije na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, kama mninga ungekuja nayo.

La mwisho: mlango mmoja wa mfano, ukamilike na kukaa wiki tatu stoo ya kazini kabla ya kukatwa mwingine.

Mzee alisaini, isipokuwa bei, ambayo tulivutana siku mbili hadi akatoa risiti. Mbao zilifika asilimia 13 katikati ya Oktoba, isipokuwa kundi moja la mbao sita lililosoma 16. Zilirudi kwenye vijiti. Mlango wa mfano ulipinda kidogo, milimita 2 kwenye uzi uliovutwa kona hadi kona, nikaukubali.

Machi iliyofuata, masika yakiwa yamekolea, milango mitatu kati ya 18 iligoma chini. Tuliitoa kwenye bawaba tukaipindua. Pande zilikuwa na vanishi safi, lakini ukingo wa chini ulikuwa mbao tupu, haujaguswa na brashi, na ndimo unyevu ulimopitia. Barua yangu ilikuwa imesema "ipakwe vanishi" bila kutaja kingo. Mzee aliiranda milimita 2, akapaka juu na chini mara mbili, akairudisha siku hiyohiyo bila kudai malipo. Mingine 15 tuliitoa pia tukaikagua, na minne tuliikuta hivyohivyo ingawa haijagoma. Tuliipaka kabla ya kuirudisha.