Tundu la mwanga kwenye kabati la vitabu

Jumamosi, saa nne usiku. Mgongo unauma, vidole vina gundi, lakini kabati limekubali.

Mwaka jana nilipamba rafu zote tano kwa ajili ya Krismasi. Kila rafu ilipata mpira wake, nyota yake na kijani chake kidogo. Wageni walikuja, wakakaa, wakaondoka, na hakuna aliyegeuza shingo. Nilijisikia vibaya kidogo, nikalaumu kwamba nyumba haina meko ya ukutani kama yale ya kwenye picha, yanayovuta macho ya kila anayeingia.

Wiki hii nimezitazama tena picha zile, na safari hii sikuangalia mapambo. Niliangalia meko yenyewe. Ni tundu moja kubwa lenye giza, ndani yake mna mwanga, na viti vyote vimelielekea. Kumbe kabati langu halikukosa mapambo. Lilikosa tundu.

Kwanza niliwaza dirisha, lakini mchana mwanga hutokea nyuma ya vitu vikaonekana vivuli vyeusi, na usiku lazima nifunge pazia. Nikarudi kwenye kabati.

Lina upana wa sentimita 80, na kila nafasi ina kimo cha 35 hivi. Ubao wa pili kutoka chini umefungwa kwa skrubu. Huo ndio unaoshika mbavu za kabati, sikuugusa. Wa tatu umekalia tu vijiti vinne vya chuma. Niliuinua, nikauegemeza nyuma ya mlango, nikabaki na uwazi wa sentimita 72 kwenda juu. Katikati yake pako kama sentimita 117 kutoka sakafuni, karibu sawasawa na macho ya mtu aliyekaa kwenye kochi. Vitabu vya rafu mbili vilihamia chini ya kitanda.

Nyuma nilibandika karatasi ya manila ya bluu nzito. Mbao za kabati ni nyeupe, na weupe huo ulikuwa unaurudisha mwanga wote mbele. Baada ya karatasi, uwazi ulionekana una kina maradufu, ingawa ni sentimita 28 zilezile.

Taa ndizo zilizonitesa. Nilizitandaza mbele ya vitu kama nilivyozoea, nikakaa kwenye kochi, nikaona nukta za kuchoma macho, na mtungi nyuma yake umekuwa donge jeusi. Nilizitoa zote. Nikazipitisha upande wa ndani wa fremu ya mbele, kulia, juu, kushoto, zikiangalia nyuma. Sasa balbu hazionekani kabisa, kinachoonekana ni mtungi unaowaka ubavuni. Boksi la betri nimelificha nyuma ya vitabu viwili vilivyosimama, swichi ikitazama pembeni ili nisibomoe kila kitu ninapotaka kuzima. Taa ni zile za manjano hafifu, zilizoandikwa 2700K. Zile nyeupe nilizojaribu kwanza zilifanya pafanane na ndani ya jokofu.

Vitu vyenyewe ni vichache. Mtungi wa sentimita 45 wenye matawi, nimeusogeza kushoto badala ya kuuweka katikati. Kulia kuna vitabu vitatu vilivyolala, juu yake bakuli la mipira ya rangi moja. Mbele, chini, mishumaa mitatu ya betri. Ya moto wa kweli sikuifikiria hata dakika moja: joto hupanda, na juu kuna ubao, pembeni majani makavu, nyuma karatasi.

Shada refu la majani lina sentimita 180. Linapita juu ya uwazi kisha linateremka upande wa kushoto tu, karibu mita nzima. Jana usiku lilianguka kwa kishindo nikadhani mwizi. Kulabu za gundi nilizibandika juu ya vumbi. Leo nimefuta ubao kwa spiriti, nikabandika upya, nikangoja saa nzima kabla ya kutundika. Mpaka sasa limeshika.

Rafu nyingine sikuzipamba, isipokuwa mpira mmoja juu na mmoja chini, wa rangi ileile ya bakuli. Mkono uliniwasha kuongeza, nikaukunja.

Mdogo wangu alipoingia jioni alisimama mlangoni.

"Dada, umenunua kabati jipya?"

"Ni lilelile. Kaa uone."

Akakaa kwenye kile kiti ambacho siku zote kimeelekea mlango, akawa anapinda shingo. Tukakigeuza, na cha pembeni pia. Tulikaa gizani kama nusu saa hivi, kisha akataka kamusi wabishane na mwenzake kwenye simu kuhusu neno fulani. Kamusi iko bakulini, yaani chini ya bakuli, kitabu cha chini kabisa kati ya vile vitatu. Nikamwambia asubiri sikukuu iishe.