Nilivyongoja BP imfikie Shell

Mwaka 2010 nilikuwa nafanya kazi kwa kampuni moja ya kliaringi hapa Mombasa, upande wa Moi Avenue, kazi yenyewe ni kujaza makaratasi ya kontena na kungoja simu za bandarini. Mwaka mmoja nyuma ndio kebo ya SEACOM ilikuwa imetua hapa kwetu, basi intaneti ya ofisini ikawa inakimbia ajabu na kila mtu akajitafutia lake. Wengine wakawa waangalia mpira, mimi nikajitia kwenye hisa za ng'ambo.

Nilikuwa na dola 600 kwa broka mmoja wa mtandaoni, na kilichonivutia si kubahatisha soko litapanda au litashuka, manake hilo sikulijua na hata leo silijui. Kilichonivutia ni biashara ya jozi. Unachukua kampuni mbili zinazofanana, zinauza kitu kimoja na zinapigwa na upepo mmoja, unaangalia bei ya moja ukigawanya kwa bei ya nyingine, na hiyo namba huwa haihami sana. Ikihama, ile iliyobaki nyuma unanunua, ile iliyotangulia unaiuza ingawa huna, halafu unangoja zikutane. Hapo ukipata, umepata kwa sababu pengo limefungika. Soko lote likianguka, unapoteza huku unapata kule.

Broka wangu hakuuza hisa zenyewe, aliuza mikataba ya tofauti ya bei, yaani ukinunua analipa kilichopanda na wewe unamlipa kilichoshuka, ukiuza ni kinyume chake, na anakudai dhamana asilimia 10 tu ya thamani ya mzigo. Kwa hivyo kuuza usichokuwa nacho kulikuwa ni kubofya tu.

Jozi yangu ilikuwa BP na Shell, zote mbili kwenye soko la New York. Mwanzo wa mwaka ule bei zao zilikuwa zinatembea karibu sawa, hii 57 ile 58, ukigawanya unapata 0.98 hivi, siku nyingine 0.99, siku nyingine 0.96. Nilijitengenezea shiti ya Excel, safu ya D ni hiyo namba ya kila siku, na pembeni nikaweka hii:

```
=(D62-AVERAGE(D2:D61))/STDEV(D2:D61)
```

Yaani namba ya leo iko mbali kiasi gani na wastani wa siku 60 zilizopita, ukipima kwa kipimo cha kawaida cha kuyumba kwake. Ikiwa kati ya 2 na minasi 2, unakaa. Ikivuka, unaingia. Ikirudi sifuri, unatoka. Seli nikaipaka rangi, nyekundu ikiwa mbali, kijani ikiwa imerudi, nikajiona mhandisi.

Usiku wa tarehe 20 Aprili mtambo wa Deepwater Horizon ukalipuka kwenye Ghuba ya Meksiko, wakafa watu 11, siku mbili baadaye ukazama. Kisima kilikuwa cha BP. Siku ya ajali BP ilifunga dola 60.48 na kwa siku chache hata soko halikushtuka sana. Halafu makadirio ya mafuta yanayovuja yakatoka mapipa 1,000 kwa siku yakawa 5,000, na ikifika Ijumaa tarehe 30 BP iko 52.15. Shell nayo imekaa pale pale kwenye 62 na kitu. Namba yangu ikawa 0.83 na seli ikawa nyekundu kama damu, minasi tano na zaidi.

Nilisema mungu kanifungulia. Nikanunua BP 20 na nikauza Shell 17, ili kila upande uwe na dola 1,040 au 1,060 hivi, maana ukiweka idadi sawa ya hisa huku bei si sawa, upande mmoja unakuwa mzito na unarudi kubahatisha soko bila kujua.

Jioni hiyo nilienda Kibokoni kwa ami yangu, mzee aliyekuwa amefanya kazi miaka kwenye gati la mafuta kule Kipevu, tulikuwa na desturi ya kukaa barazani na kahawa chungu na kashata. Nikamueleza nimefanya nini, nikamchorea hata kwenye pakiti ya sigara, mistari miwili inakwenda pamoja halafu mmoja umeanguka. Akaniuliza, "Hicho kisima kilichopasuka, Shell wana hisa ndani yake?"

"La ami, ni cha BP na washirika wake, Shell hawamo."

"Basi weye wangojea nini? Nyumba ya huyu yaungua, na weye umeweka pesa kwamba asubuhi zitakuwa sawa na ya jirani."

Nikacheka, nikamwambia ami hii ni hesabu, akasema haya, akamimina kahawa nyingine.

Mei ilikuwa mwezi wa ajabu. Mambo ya madeni ya Ugiriki yakatikisa masoko, bei ya mafuta ghafi ikashuka kutoka dola 86 hivi ikaja chini ya 75, na Shell ikaporomoka vizuri tu. Upande wangu wa Shell ukawa unanilipa. Lakini BP ikawa inaporomoka kwa sababu hizo hizo na juu yake kuna kisima. Hapa ndipo nilipaswa kuelewa na sikuelewa: ile jozi ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa. Ilikuwa imeniondolea bei ya mafuta, imeniondolea Ugiriki, imeniondolea dola, kila kitu ambacho kampuni zote mbili zinagawana. Kilichobaki mkononi mwangu ni kile kisichogawanwa, na hicho ni shimo moja chini ya bahari futi 5,000 ambalo hakuna aliyejua litazibwa lini wala litagharimu kiasi gani. Nilidhani nimejikinga. Kumbe nimechuja kila kitu nikabakisha ile hatari yenyewe, tena tupu.

Katikati ya Mei BP ikawa 46 hivi. Seli bado nyekundu, nikaongeza BP 10 na Shell 8.

Jumamosi tarehe 29 Mei BP wakatangaza kwamba ile kazi ya kusukuma matope mazito kisimani kuua mgandamizo imeshindwa. Soko limefungwa, Jumatatu New York ni sikukuu yao, na Jumanne tarehe 1 Juni ni Madaraka kwetu, kwa hivyo nilikuwa nyumbani na modemu ya kijiti, nangoja saa kumi na nusu jioni soko lifunguliwe. Ijumaa BP ilifunga 42.95. Jumanne ilifunga 36.52. Sikuwa nimeweka amri ya kujitoa kwa sababu kwa broka huwezi kuweka amri juu ya pengo, unaweka juu ya hisa moja moja, na ukitolewa BP peke yake unabaki umeuza Shell bila mwenzake, hiyo ni biashara nyingine kabisa. Na hata ningeiweka, bei iliruka kutoka Ijumaa hadi Jumanne bila kupita katikati, ningetolewa huko huko chini.

Usiku ule nilipiga hesabu kwa mkono. Fungu la kwanza, BP 20 nimepoteza 312, Shell imenirudishia kama 190. Bado nina nafasi, nikajiambia, na kweli nilikuwa nayo, ningetoka siku ile ningebaki na zaidi ya dola 400.

Jumatano tarehe 9 Juni, siku mbili kabla ya Kombe la Dunia kuanza kule Afrika Kusini, ofisi nzima inabishana juu ya Ghana na Brazil. Mimi nilibaki nyuma wenzangu walipoondoka. Fununu zilikuwa za gawio, ile faida wanayogawiwa wenye hisa, kwamba serikali ya Marekani italazimisha lisilipwe, na wengine washaanza kutamka neno kufilisika. BP ikaanza kuteleza tangu mapema na baada ya saa tatu usiku ikawa haishikiki, 32, 31, 30, na kwenye kona ya skrini kuna kijimstari kinachoonyesha dhamana yangu imebaki asilimia ngapi. Nilikuwa nakitazama hicho tu, bei nimeacha kutazama. Ilifunga 29.20. Kabla haijafika hapo mistari yangu yote minne ikapotea kwa pamoja, ikafungwa na mtambo wa broka kwa mujibu wa mkataba niliousaini mwenyewe, ikabaki dola 212.

Wiki moja baadaye, tarehe 16, BP wakakubali kuweka dola bilioni 20 za fidia na wakasimamisha gawio, na tarehe 25 bei ikafika 27.02. Kwa hivyo hata ningeongeza dhamana ningekuwa nimenunua wiki mbili zaidi za maumivu.

Shiti sikuifuta, niliendelea kuijaza kila jioni kama mtu anayerudi kutazama mahali alipoanguka. Tarehe 15 Julai kisima kikazibwa, na karibu siku hizo hizo nikafungua faili nikakuta seli ni ya kijani. Nikakodoa macho. Namba ya mgawanyo ilikuwa 0.7 na kitu, mbali kabisa na 0.98, lakini fomula inasema imerudi, tena imepita sifuri kwa upande wa juu, toka na faida yako. Nikachukua muda kuelewa. Siku 60 za zamani zilikuwa zimeshatoka dirishani, zilizoingia zote ni za baada ya mlipuko, kwa hivyo bei haikuufuata wastani, wastani ndio ulioifuata bei mpaka chini ukaikuta huko. Na ile minasi tano ya Aprili, niliyoiona kama mlango wa peponi, ilikuwa imepimwa kwa rula iliyochongwa siku ambazo hakuna kisima kilichopasuka. Kama faili yangu ingekuwa na safu moja tu zaidi, ya faida na hasara tangu siku ya kuingia, ningeona mapema kwamba seli inaelekea kijani huku pesa inaelekea shimoni.

Desemba 31 nikajaza mstari wa mwisho. BP 44.17, Shell 66.78, ukigawanya ni 0.66. Shell ilikuwa imepanda kupita pale nilipoiuza, BP ilikuwa bado dola nane chini ya pale nilipoinunua.

Ami sikumwambia ni kiasi gani. Aliniuliza mara moja tu, barazani, kama ile nyumba ilizimwa. Nikamwambia ilizimwa Julai. Akauliza, "Na jirani yake?" Nikamwambia hajambo, kaongeza ghorofa.