Ninavyowatambua kunguru kwenye picha: mdomo kwanza, rangi baadaye

Watu wakishajua kwamba unafuatilia ndege, simu yako haikauki picha. Mimi naishi Tanga, na ninazotumiwa zaidi ni za kunguru: kutoka Muheza, Lushoto, Arusha, mara nyingine hata Nakuru. Swali huwa lile lile, huyu ni yupi? Ukisimama naye karibu mchana kweupe jibu halikusumbui. Kwenye picha mambo hubadilika, kwa sababu ndege mweusi huichanganya kamera kuliko ndege yeyote mwingine.

Ukimpiga akiwa juu ya paa, nyuma yake kuna anga lenye mwanga mkali, kamera hupunguza mwanga wa picha nzima ili anga lisiungue. Ndege anatoka mweusi tii, na kijivu chote cha shingoni kinamezwa. Ukimpiga mbele ya kichaka chenye giza, kamera huongeza mwanga, weupe wa kifuani unaungua na kuenea hadi mahali usipokuwepo. Kuna na mng'ao pia: manyoya ya kunguru yana mafuta na yanateleza, jua la pembeni likiyapiga yanarudisha mwanga mweupe ambao mtu huapa ni baka.

Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu wa kuanza na umbo. Mwanga unaweza kuficha rangi, lakini mdomo mnene hubaki mnene hata ndege akiwa kivuli kitupu.

Huku kwetu kazi kubwa ni kuwatenganisha watatu. Wa kwanza ni kunguru mweusi wa mjini, yule aliyeletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili ale taka, kisha akavuka na kuenea pwani yote. Ana sentimita 40 hadi 43 kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Wa pili ni kunguru wetu wa asili mwenye kifua cheupe, sentimita 46 hadi 50. Wa tatu ni kunguru mkubwa wa milimani, sentimita 50 hadi 54, ambaye ukipanda Usambara, Meru au Kilimanjaro utamkuta karibu na majabali na kwenye kambi za wapanda mlima.

Mdomo unamtoa wa tatu haraka. Mjomba wangu wa Lushoto alinitumia picha ya ndege juu ya mti mkavu, mweusi kifua chote, akaandika: "Mpwa wangu, hawa kunguru wenu wa Tanga wameshafika huku, vifaranga vyangu havina usalama." Nikaivuta picha hadi mdomoni. Ulikuwa mnene ajabu, kimo chake pale unapoanzia kinakaribia nusu ya kimo cha kichwa, mgongo wa mdomo umepinda kama upinde, na nchani kuna weupe. Hakuna kunguru mwingine wa Tanzania mwenye mdomo wa namna hiyo. Nikamjibu: "Shikamoo mjomba. Huyo ni mwenyeji wenu wa milimani, si wa mjini. Ukipata picha yake akiwa amekupa mgongo nitumie." Siku chache baadaye ikaja, na kwenye kisogo kulikuwa na baka jeupe, pana, lililoishia ubavuni mwa shingo. Weupe wake uko nyuma tu. Ndiyo maana akipigwa kutoka mbele watu humwita kunguru wa mjini, hasa pale ambapo picha ni ndogo na mdomo hauonekani vizuri. Vifaranga lakini mjomba alikuwa na haki kuvilinda, maana huyu naye hula nyama akiipata.

Kwa hao wawili wengine, mdomo peke yake hautoshi. Nachofanya ni kuangalia paji la uso. Kunguru wa mjini ana paji lililosimama, utosi umetuna, na mdomo unaonekana mrefu ukilinganisha na hicho kichwa. Mwili wake ni mwembamba, miguu mirefu. Mwenye kifua cheupe kichwa chake kinateremka taratibu zaidi hadi mdomoni, na mwili umejaa. Halafu naenda mkiani. Ndege akiwa ametua na amefunga mabawa, ncha za mabawa ya yule wa mjini huishia kabla ya ncha ya mkia, mkia unachomoza wazi. Kwa mwenye kifua cheupe mabawa ni marefu, ncha zake hukaribia kabisa mwisho wa mkia. Wa milimani mkia wake ni mfupi kiasi kwamba mabawa huufikia au kuupita, na akiruka unaona mabawa mapana sana yenye kipande kidogo cha mkia nyuma.

Mkia una udanganyifu wake. Kunguru anaponyonyoka manyoya, mkia hubaki na mapengo na huonekana mfupi kuliko ulivyo. Dalili ni manyoya yasiyolingana: moja refu, jirani yake limeishia nusu, na mara nyingi kuna pengo kwenye bawa pia. Nikiona hivyo mkia siutumii kabisa.

Sasa picha iliyonifanya nikae nayo kwa muda mrefu. Binamu yangu wa Muheza aliipiga alfajiri, ndege yuko ukingoni mwa paa la bati, anga jeupe nyuma yake. Ilinifikia kwa Wasapu ikiwa imeshaminywa, ukiivuta inakuwa vipande vya miraba. Nikamwomba aitume upya kama dokumenti, maana ikienda hivyo programu haiipunguzi. Ilipokuja kamili nikaanza.

Mdomo: hauna weupe nchani, si mnene wa kutisha. Wa milimani akaondoka. Paji: limesimama. Mkia: umechomoza nje ya mabawa, manyoya yamelingana. Tayari nilikuwa naelekea kwa kunguru wa mjini, lakini nilitaka ukubwa, na ukubwa ndio kitu ambacho picha huficha kabisa. Ndege aliye karibu hujaza fremu awe shore au tai. Bahati nzuri alikuwa amesimama juu ya kipimo. Bati la kawaida la migongo ya mviringo, kutoka kilele cha mgongo mmoja hadi kilele cha unaofuata, ni milimita 76. Ndege alikuwa ubavu kwa kamera, mwili umelala sambamba na ukingo, amenyoosha shingo. Nikahesabu migongo kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia: mitano na karibu nusu. Ukizidisha unapata kama sentimita 41. Mwenye kifua cheupe angevuka migongo sita, na wa milimani angekaribia saba.

Hesabu hiyo ina masharti na nayafuata bila huruma. Ndege awe amesimama juu ya bati lenyewe, si tawi lililo mbele yake. Awe ubavu kabisa, kwa sababu akigeuka kidogo tu anafupika. Na vipimo vya vitabuni huchukuliwa kwa ndege aliyenyooshwa, kwa hiyo aliyejikunyata hutoa namba ndogo kuliko ukweli. Namba kubwa inaweza kumkataa ndege mdogo, lakini namba ndogo peke yake haimkatai mkubwa. Na mabati ya kisasa ya migongo ya pembe yana vipimo tofauti, usiyatumie kwa hesabu hii.

Kifua ndicho nilichokiacha mwisho. Nilifungua picha kwenye programu ya kuhariri na kupandisha sehemu za vivuli peke yake, bila kugusa mwangaza wa picha nzima. Polepole kijivu kikajitokeza kuanzia kisogoni, kikazunguka shingo na kushuka kifuani, huku uso na koo vikibaki vyeusi. Mpaka kati ya koo jeusi na kifua cha kijivu ndio alama ya kunguru wa mjini. Mwenye kifua cheupe angeonyesha kitu tofauti hata gizani: weupe unaoanza mabegani na kufunika kifua chote kama fulana, wenye ukingo mkali pale unapokutana na kichwa cheusi. Makinda yake huwa na weupe uliochafuka kwa ncha nyeusi, lakini ukingo upo.

Ili nisidanganywe na mng'ao, nilimwomba binamu picha nyingine za ndege yule yule. Mng'ao huhama ndege akigeuka, na ukiuona kifuani utauona pia begani na kwenye bawa upande ule ule wa jua. Baka halihami. Katika picha zote kijivu kilibaki pale pale, na mimi nikaandika: kunguru wa mjini, Muheza.

Najali sana jina hilo liwe sahihi kwa sababu kunguru wa mjini hula mayai na makinda ya ndege wengine, na watu wengi wa pwani wanamtega. Mwenye kifua cheupe akiingia kwenye mtego huo huo anastahili kuachiwa, na anayeshika mtego lazima ajue tofauti kabla ya kufungua mlango.

Wapo weusi wengine wanaoingia kwenye hizi picha. Anayetumwa mara nyingi ni mramba, mweusi wote, kwenye waya wa umeme. Huyo mkia wake umegawanyika kama uma, ana jicho jekundu, na hazidi sentimita 26. Picha za Nakuru huwa na kunguru mweusi mtupu asiye na baka popote. Yeye natazama mdomo, ambao ni mwembamba kuliko wa wenzake wote na umepinda chini kidogo, na ndege mwenyewe ni mkubwa karibu sawa na mwenye kifua cheupe. Wa Turkana mwenye mkia mfupi kupita kiasi nimemwona kwenye picha za kuruka tu, na mkia ule haukuacha nafasi ya ubishi.

Siku hizi mtu akiniuliza, namwambia mapema: piga ubavu, kisha piga akigeuka, gusa ndege kwenye kioo cha simu na upandishe mwanga kabla ya kubonyeza, na niandikie mahali. Zile za kivuli kitupu, ndege amegeuza uso, hakuna bati wala kitu cha kupimia, naziweka kwenye folda kwa jina la "kunguru" na tarehe yake, bila kuongeza neno.