Mteja wangu wa kwanza niliyeletewa na mkaguzi wa hesabu

Nilipoacha ajira ili nijitegemee kama mshauri wa usalama wa mifumo hapa Dar es Salaam, ushauri niliopewa na watu wengi zaidi ulikuwa huu: tafuta tundu kwenye tovuti ya kampuni fulani, ingia, kisha mpelekee meneja ushahidi, atakuajiri palepale. Bado unatolewa kwa vijana kila siku, na unanikera, kwa sababu aliyeufuata anakuwa ameshatenda kosa kabla hajabisha hodi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 4, haiulizi ulikuwa na nia njema kiasi gani. Kuingia kwenye mfumo bila idhini ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili.

Ushauri wa pili ulikuwa kuandikia benki. Niliandika barua nzuri, nikazisambaza. Waliojibu walitaka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu na orodha ya wateja wa aina yao. Mtu anayeanza havipati vitu hivyo kwa namna yoyote, kwa hiyo nikaachana na benki.

Kilichonifungulia njia ni jambo nililoliona nikiwa bado nimeajiriwa. Kila mwaka mkaguzi wa hesabu wa nje akimaliza kazi yake huiandikia menejimenti barua yenye orodha ya mapungufu. Siku hizi humo hukosi mstari unaosema mfumo haujawahi kupimwa usalama, au nywila za wafanyakazi walioondoka bado zinafanya kazi. Mkaguzi akishaandika hivyo hawezi kugeuka kuifanya kazi hiyo mwenyewe, maana mwakani atakuwa anajikagua. Bodi inataka majibu kabla ya mkutano mkuu, na meneja hajui pa kuanzia. Hapo ndipo nilipojipenyeza. Niliacha kutafuta wateja, nikaanza kutembelea ofisi ndogo za ukaguzi, zile za wakaguzi wawili watatu ambazo hazina mtu wao wa mifumo. Sikuomba wanipe kazi. Niliwaomba kitu kimoja tu: mteja akiuliza nani anaweza kuziba pengo la mifumo, jina langu liwe moja kati ya mawili watakayotaja. Sikuwapa kamisheni hata senti, kwa sababu kamisheni ingeharibu uhuru wao na ripoti yangu pamoja. Badala yake niliwaandalia maelezo ya ukurasa mmoja yanayoonyesha ni pengo gani katika barua yao linajibiwa na kipimo gani.

Haikuchukua muda mrefu, nikapigiwa na meneja wa SACCOS moja, mama wa makamo anayeongea taratibu. "Mwanangu, mkaguzi ametuandikia mambo ya udukuzi. Unatoza kiasi gani?"

Sikumtajia bei kwenye simu. Bei yangu nilikuwa nimeshaipiga hesabu, na wenzangu wengi naona wanakosea hapa: wanachukua mshahara wao wa zamani na kuugawa kwa siku za mwezi. Kwa mwaka siku za kazi ni kama 250 ukitoa wikiendi na sikukuu. Lakini huuzi zote. Nusu yake inaliwa na kutafuta wateja, kuandika mapendekezo, kufuatilia ankara na kusoma. Zinazobaki za kuuza ni kama 120. Nilijumlisha matumizi ya nyumbani, kodi, bima, leseni ya Burp Suite ninayopimia tovuti, intaneti, kompyuta ya akiba na kitu cha kuweka pembeni, ikafika takribani milioni 60. Ukigawa kwa 120 unapata laki tano kwa siku. Hiyo ndiyo bei yangu, na siijadili.

Ninachojadili ni ukubwa wa kazi. Kwa SACCOS ile nilikadiria siku tisa, yaani milioni nne na nusu. Mama akaguna, akaniambia kuna kijana wa ukoo anayeweza kufanya kwa laki nane. Sikupunguza. Nilimuuliza mkaguzi ameandika nini hasa, tukaisoma barua pamoja, tukakuta programu ya simu ya wanachama haimo kabisa. Tukaiondoa. Zikabaki siku sita: moja ya maandalizi, tatu za kupima, moja na nusu ya ripoti, nusu ya kurudia kupima baada ya marekebisho. Milioni tatu. Kati ya hizo walizuia asilimia 5 ya kodi ya zuio, nikapokea 2,850,000 kwa jumla. Cheti cha zuio kidai siku hiyohiyo, maana ukikisubiri hadi wakati wa ritani mhasibu atakuwa likizo.

Malipo niliyagawa mafungu matatu: asilimia 40 kabla ya kuanza, 40 nikikabidhi ripoti, 20 baada ya kurudia kupima. Fungu hilo la mwisho lina mtego. Mteja asiporekebisha mapungufu hakuna cha kurudia kupima, na pesa yako inalala. Kwa hiyo mkataba wangu unasema fungu la mwisho linalipwa siku 60 baada ya ripoti hata kama hawajarekebisha.

Sasa tuje kwenye ruhusa. Kabla ya kusaini chochote niliomba anwani ya mfumo wao, nikaangalia inaelekea kwenye seva ipi na seva hiyo imesajiliwa kwa jina la nani. Huku ni kuuliza taarifa zilizo wazi kwa kila mtu, si kupima. Majina na namba hizi nimezibadilisha:

```
dig +short mfumo.example.co.tz
whois 203.0.113.24
```

Jibu la `whois` halikuwa na jina la SACCOS. Lilikuwa na jina la kampuni iliyowauzia mfumo. Nilipouliza nikaambiwa seva hiyo inahudumia vyama vingine pia. Maana yake saini ya mama meneja peke yake isingenilinda: yeye anaweza kuruhusu nipime data zake, hawezi kuruhusu niguse mashine ya mtu mwingine yenye data za wanachama wa vyama vingine. Nikasimamisha kila kitu mpaka kampuni ile nayo isaini barua ya ruhusa. Walizungusha, wakasema si lazima, mwishowe wakasaini.

Barua hiyo ilikuwa na anwani zitakazopimwa moja moja, anwani nitakayotokea mimi, namba ya simu ya dharura ya kila upande, yale nisiyoruhusiwa kufanya, mojawapo ikiwa kuuzidishia mfumo mzigo ili uanguke, na saa za kupima: saa mbili usiku hadi saa sita usiku.

Upande wa dhima, rasimu ya mkataba ya SACCOS ilikuja na sentensi inayosema mshauri atafidia hasara zote zitakazotokea. Niliikataa kwa sababu mbili. Ya kwanza iko wazi: siwezi kubeba hasara ya chama kizima kwa kazi ya milioni tatu. Ya pili ndiyo watu hawaijui. Bima ya dhima ya kitaaluma kwa kawaida hailipi wajibu uliojitwisha mwenyewe kwenye mkataba zaidi ya ule ambao sheria ingekupa. Ukisaini sentensi ile, umetoka nje ya bima yako kwa kalamu yako. Tukaandika kwamba dhima yangu inaishia kwenye kiasi cha bima, isipokuwa kwa udanganyifu au kosa la makusudi.

Bima yenyewe ilihitaji ubishi. Broka wa kwanza aliniuzia wazo la bima ya dhima kwa umma. Hiyo inalipa mtu akijikwaa kwenye waya wangu akavunjika mkono, haihusiki na mfumo ulioharibika. Nikamwendea mwingine, tukasoma vipengele mstari kwa mstari. Bima ya dhima ya kitaaluma kwa kawaida huangalia dai limeletwa lini, si kazi imefanyika lini. Ukiiacha ikafa Desemba na mteja akadai Januari, huna kinga hata kama kazi uliifanya ukiwa na bima hai. Pia ina masharti kwamba ukisikia tu harufu ya dai, lazima utoe taarifa mapema na usikiri kosa kwa mtu yeyote.

Sharti hilo lilinifaa mapema kuliko nilivyofikiri. Ilikuwa Alhamisi, mwisho wa mwezi. Nilikuwa katikati ya kupima, saa tatu kasoro usiku, simu ya dharura ikaita. Fundi wa kampuni ya mfumo alikuwa anafoka. Jioni ile makeshia walipokuwa wanafunga hesabu, saa kumi na moja na dakika arobaini, mfumo ulikuwa umesimama. Amefungua logi za seva, na kwenye 17:40 ameikuta anwani yangu imejaa. "Kaka, umepima nje ya muda na umetuangusha. Tutakudai."

Nilisimamisha kupima, nikafungua kumbukumbu zangu. Saa 17:40 kompyuta yangu haikuwa imetuma kitu chochote. Ila maombi yaleyale aliyonisomea yalikuwepo kwangu, kwenye 20:40. Tofauti ya saa tatu kamili, bila dakika kuzidi wala kupungua. Nikamwomba aandike neno moja kwenye seva na anisomee jibu:

```
$ date
Thu Oct 31 18:05:12 UTC 2024
```

Nikamuuliza, saa ya ukutani kwako inasemaje? Saa tatu na dakika tano usiku, akasema, kisha akanyamaza. Seva ilikuwa inaandika muda wa UTC, nasi tuko saa tatu mbele. Yale aliyoyaona ya 17:40 niliyafanya saa mbili na dakika arobaini usiku, ndani ya muda wa ruhusa. Makeshia walipokwama, logi ingesoma 14:40. Nikamwambia aende huko. Kwenye 14:40 akakuta mistari mingi ya `No space left on device`: kazi ya kukokotoa riba ya mwisho wa mwezi ilikuwa imejaza diski.

Usiku uleule, kabla ya kulala, nilimtumia broka barua pepe yenye maelezo ya tuhuma, nakala ya barua ya ruhusa na kumbukumbu zangu. Kesho yake mama meneja alipokea maelezo ya kampuni kwa maandishi kwamba kupima hakukuhusika, na hakuna dai lililofunguliwa. Ripoti niliikabidhi kwa wakati, na suala la diski kujaa nililiweka kama pengo linalojitegemea.

Tangu hapo barua zangu za ruhusa zinaandika muda hivi: 20:00 hadi 24:00, +03:00. Tena kabla ya usiku wa kwanza naomba fundi anitumie matokeo ya `date` ya kila seva iliyo kwenye orodha, nayahifadhi pamoja na mkataba. Kampuni ile ya mfumo nayo ilinipigia baadaye, wanataka seva yao nzima ipimwe kwa niaba ya vyama vyote. Nimewatajia laki tano kwa siku, na nimewaambia kila chama kitasaini barua yake.